Vioo Vitano vya Feroza

Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Feroza Khatun hakuwahi kulitaja jina la mumewe kwa kinywa chake. Mke mwenye adabu hamwiti mumewe kwa jina. Humwita baba wa mtoto, naye Feroza, kwa kuwa alilelewa vizuri mno, alimwita Baba Rubina. Mteja mgeni sokoni akimwuliza duka ni la nani, alinyoosha bisibisi yake kuelekea kwenye kibao kilichokuwa juu ya mlango. Kibao kiliandikwa LUTFAR TELECOM kwa herufi nyekundu. Feroza hakujua kusoma, lakini miaka kumi na tisa ilitosha kumfundisha kwamba jina lake halikuwemo pale.

Jina lake halikuwemo, ila mikono yake ilikuwemo. Lutfar alianza kazi kwa kutengeneza redio nyumbani, mkewe akimshikia taa. Siku zilivyokwenda, mshika taa akaanza kuona vitu ambavyo mwenye bisibisi havioni. Simu zilipojaa mjini Khulna, macho ya Lutfar yakaanza kuuma, mgongo ukaanza kuuma, na kila kilichokuwa karibu na kazi kikaanza kuuma. Feroza akakalishwa mezani "kwa muda". Muda huo haujaisha hadi leo. Meza ya mti wa mwembe, hadubini, sahani ya moto ya kulainishia gundi, taa yenye shingo ndefu: hapo ndipo alipozeekea. Lutfar alikaa mbele, akinywa chai na kupokea pongezi.

Miaka sita nyuma, Lutfar alikwenda mji wa Jashore kununua mzigo wa vioo. Akarudi na vioo, na mke. Alimweleza Feroza kwamba jambo lile limetokea kwa mapenzi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyekodi gari. Feroza hakulia mbele za watu. Alibadilisha vioo kumi na vinne siku ile, na hakupasua hata kimoja.

Sasa mke mdogo alikuwa na kaka. Aliitwa Rashedul, na alikuwa na cheti. Alipokuja Khulna cheti kilitangulia, kimefungwa kwenye fremu ya dhahabu, yeye akafuata nyuma akiwa na mswaki na begi. Cheti kikatundikwa juu kabisa ya kichwa cha Feroza, ili kila anayemletea simu ajue kwamba kuna mtu aliyesoma mahali fulani humo ndani, hata kama aliyesoma alikuwa bado amelala.

Kisa chenyewe kilianzia juu, kwenye ukumbi wa michezo.

Lutfar alikuwa na ukumbi ghorofa ya pili, juu ya duka, ambamo watu walikodi simu kwa saa na kucheza ule mchezo wa kuruka kutoka kwenye ndege, kushuka kisiwani na kupigana risasi hadi abaki mmoja. Simu zilikuwa kumi, zote za aina moja, zenye vioo vizuri vya OLED. Kioo cha namna hiyo hakina taa nyuma yake. Kila nukta inawaka yenyewe, na kila nukta huzeeka kwa kadiri ilivyowaka. Kisiwa, majani, bahari na moshi hubadilika kila saa, kwa hiyo nukta zake hupokezana kazi. Lakini ramani kule pembeni haiondoki. Duara la kutembezea mtu haliondoki. Kitufe cha kufyatulia, hesabu ya risasi, mstari wa uhai, vyote vyeupe, vyote vimekaa palepale asubuhi hadi usiku. Nukta za hapo huchoka kabla ya nyingine, zile za buluu zikitangulia, na mwisho kioo hubaki na kivuli cha rangi ya chai. Ukiufunga mchezo, ramani bado ipo. Ukipiga picha ya harusi, bibi arusi ana kitufe cha risasi shavuni.

Kwa mwaka mmoja simu zote kumi zikawa hivyo. Wachezaji wakaanza kuhamia ukumbi wa mtaa wa pili. Lutfar alishuka ngazi akiwa amekunja uso.

"Mama Rubina, hivi vioo ulivyoweka ni takataka gani?"

"Vioo nimeweka vile ulivyoleta wewe, Baba Rubina."

"Kioo kizuri hakiungui."

"Kioo kizuri ndicho kinachoungua. Nilikuambia tangu mwanzo. Simu zinachezwa mwanga ukiwa juu kabisa, chini ya lile dirisha lako la jua, na vitu vyote vyeupe havisogei."

"Uliniambia lini?"

"Mwezi wa Ramadhani. Na kabla ya Ramadhani. Ulikuwa Jashore."

Rashedul, aliyekuwa anakula singara, ile sambusa ya viazi, kwenye kaunta, alifuta mafuta kwenye vidole na kucheka kwa upole, kicheko cha daktari anayemsikiliza mganga wa kienyeji.

"Shemeji mkubwa asijisumbue," alisema. "Tatizo hili lina dawa. Kuna video maalumu. Inawasha nyekundu, kijani na buluu, haraka haraka. Nukta zilizolala zinaamka."

"Hazijalala," Feroza alisema. "Zimechoka."

"Mtu aliyechoka si anahitaji mazoezi?"

"Mtu aliyechoka kwa kukimbia unampa mbio nyingine?"

Fundi wa meza ya jirani alicheka hadi chai ikamtoka puani. Lutfar hakucheka. Alisema kwamba dunia imebadilika, kwamba mambo ya kubahatisha yamepitwa na wakati, na kwamba meza ile inahitaji mtu mwenye elimu. Feroza alikuwa amefanya kazi vya kutosha. Arudi nyumbani apumzike, apike. Alisema "apumzike" na "apike" kwa pumzi moja, wala hakuona kichekesho chochote.

Hivyo ndivyo Feroza alivyojua kwamba ananyang'anywa meza.

Alifunga skrubu mbili zilizobaki. Kisha akavua miwani yake ya kazi, akavuka njia hadi kwenye kibanda cha Haji Motaleb, mwenyekiti wa soko, aliyeuza makava ya simu na kuamua ugomvi wa wenzake, na aliyependa kazi ya pili kuliko ya kwanza. Akamleta, naye bado ameshika kava la waridi mkononi.

"Haji Saheb, uwe shahidi," Feroza alisema. "Simu zile kumi naziwekea vioo vipya, vya kundi moja, kwa siku moja. Huyu bwana mwenye cheti achague tano zake kwanza, asije akasema nimempa mbovu. Zangu ni zile zitakazobaki. Wachezaji ni walewale, saa ni zilezile, siku sitini. Yeye atumie dawa yake. Mimi nitumie ujinga wangu. Siku ya sitini tunafanya mtihani wa shali."

"Na ukishindwa?" Lutfar aliuliza.

"Nitarudi nyumbani kupika."

"Na ukishinda?"

"Nichukue meza hii na vyote vilivyo juu yake, niiweke ninapotaka. Si humu dukani kwako. Ninapotaka."

Lutfar alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeomba mwezi. Ni nani ambaye hangecheka? Mwanamke asiyejua herufi moja dhidi ya fremu ya dhahabu! Alikubali mbele ya Haji, mbele ya fundi wa jirani na mbele ya nusu ya soko iliyokuwa imeshaanza kukusanyika, maana Khulna watu wana kazi nyingi lakini hakuna iliyo muhimu kuliko ugomvi wa mke na mume.

Wiki ile Feroza akaweka vioo vyote kumi. Rashedul alichagua tano zake kwa kuzipima kwenye kiganja kama mtu anayenunua papai. Haji Motaleb alibandika karatasi ya kijani nyuma ya simu za Feroza, na nyekundu nyuma ya simu za Rashedul.

Kitu cha kwanza Feroza alichofanya hakikuhusu simu. Alipanda juu na pazia jeusi.

Ukumbi uligawanywa na ukuta mfupi wa mbao, upande mmoja wa kijani, mwingine wa nyekundu, na kila upande ulikuwa na dirisha kubwa linalotazama jua. Mchezaji akikaa kwenye jua haoni kitu, kwa hiyo anapandisha mwanga wa simu hadi mwisho, na mwanga mkali ndio unaozila nukta haraka kuliko chochote. Feroza akafunika dirisha la upande wake. Mwanga wa simu zake akaushusha hadi nusu, na watu wakaona vizuri kuliko jana.

"Hapa ni pango?" aliuliza Tanzila.

Tanzila alikuwa nahodha wa timu iliyokuwa inakodi simu tano za kijani kila siku. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alisomea unesi asubuhi na kuua watu kisiwani mchana, na alicheza kwa vidole vinne, viwili vya gumba chini na viwili vya shahada juu. Wanaume wa upande wa nyekundu walisema hadharani kwamba msichana hawezi mchezo ule, na faraghani walihesabu mara alizowaua.

"Pango lenye kivuli cha bure," Feroza alimjibu. "Keti. Niletee hiyo mipangilio ya vitufe. Ipo wapi ile ya kuvifanya vififie?"

Feroza hakusoma maneno, lakini alikumbuka mahali pa kila kitu: alama ya gurudumu, kisha mstari wa tatu, kisha ule wa kuvuta na kidole. Akavuta. Vitufe vilififia kama mvuke kwenye kioo cha bafuni.

"Khala! Sivioni!" Tanzila alilia, akimwita mama mdogo kama vijana wote walivyomwita.

"Huhitaji kuviona. Vidole vyako vinajua vilipo. Wewe ukienda chooni gizani unahitaji bango?"

Wenzake wakaangua kicheko. Tanzila alinuna, akacheza mchezo mmoja, akaua kumi na mmoja, akasahau kununa.

Feroza akaendelea. Ramani akaipunguza na kuififisha. Kisanduku cha maongezi, ambamo watu walitukanana kwa lugha tatu, akakificha. Ule ukanda wa juu wenye saa na betri akauondoa wakati wa mchezo. Simu isiyochezwa ilazwe kifudifudi na kioo kikiwa kimezimwa, hata kama mwenyewe amekwenda kununua chai tu, kwa sababu ile picha ya kusubiri mchezo nayo haisogei, na watu wa Khulna wakienda kununua chai hurudi na habari za ukoo mzima. Simu isichajiwe wakati inachezwa, maana joto nalo huzeesha. Chaja zote akazifunga kwenye droo, ufunguo akauning'iniza kwenye bangili.

Lililobaki ndilo lililoleta vita.

"Kila Ijumaa," alisema, "nitasogeza vitufe."

Tanzila aliweka simu mezani. "Hapana, Khala. Hilo hapana. Kidole changu kimezoea. Mashindano ya mkoa ni baada ya siku sitini! Ukisogeza kitufe nitakufa kabla sijagusa ardhi."

"Kikikaa palepale kitachora kingo. Jicho linaona kingo. Kikisogea, kingo zinachanganyika, jicho halishiki kitu."

"Basi tafuta mkono mwingine, si wangu."

Feroza alifikiri. Kisha akaingiza mkono kwenye kikombe cha mtu aliyekuwa anatafuna bisi za mchele, akatoa moja, akaikata nusu kwa ukucha na kuiweka juu ya kioo.

"Kiasi hiki. Kila Ijumaa. Kidole chako kinene kitajua?"

"Kidole changu si kinene."

"Basi chembamba kitajua?"

Ijumaa ya kwanza akasogeza. Jumamosi Tanzila alicheza siku nzima, jioni akauliza, "Khala, lini utasogeza?" Feroza akamwonyesha nusu ya bisi. Tanzila akaelewa, akacheka kwa aibu, na tangu siku ile yeye ndiye aliyewakumbusha wengine. Juma moja vilikwenda kulia, jingine juu, jingine vikarudi kidogo kushoto, kama kuku anayezunguka uani.

Upande wa nyekundu mambo yalikuwa ya kisayansi. Wachezaji walicheza wanavyotaka, mwanga juu, ramani nyeupe pe, chaja zimechomekwa, dirisha wazi. Ukumbi ukifungwa, Rashedul alizipanga simu tano kwenye rafu, akawasha ile video ya rangi, mwanga hadi mwisho, ikawaka hadi asubuhi. Alivaa koti jeupe. Koti la nini, hakuna aliyejua; labda nukta zilipaswa kujua kwamba zinatibiwa.

Feroza alipita asubuhi moja akafagia. Simu zilikuwa za moto kama chapati. Akasimama kutazama rangi zikipokezana, nyekundu, kijani, buluu, na kwenye pembe ya kulia, chini, akamwona kasuku.

Alikuwa kasuku mweupe, mkubwa kama ukucha wa kidole gumba, nembo ya mtu aliyeitengeneza video ile na kuisambaza kwenye mtandao. Rangi zilibadilika. Kasuku hakubadilika. Alikaa palepale, mweupe, akiwaka kwa nguvu zote, usiku kucha.

Feroza alitazama kwa muda mrefu. Angeweza kusema. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesema: kuhusu gundi, kuhusu dirisha, kuhusu vioo vya bei rahisi, kuhusu safari za Jashore. Alichota takataka, akashuka ngazi. Lakini saa ya chai roho ikamsuta, akamwita Rashedul.

"Mwanangu, ile video yako ina ndege pembeni."

"Ni nembo, shemeji. Inaonyesha kwamba ni halisi."

"Hasogei."

"Nembo haisogei." Rashedul alitabasamu kwa huruma. "Shemeji anaogopa kushindwa sasa."

"Kweli," Feroza alisema. "Nimeogopa sana. Kunywa chai." Na tangu hapo dhamiri yake ikalala usingizi mzuri.

Siku zikahesabiwa. Mke mdogo alikuja mara mbili kutoka Jashore kutazama mahali ambapo kaka yake angekaa, akapima meza kwa macho, akauliza kama inaweza kupakwa rangi. Feroza akamwambia inaweza, na kumkaribisha achague rangi. Usiku hakulala vizuri, hilo si la kuficha. Aliwaza jiko la nyumbani, sufuria, ukuta wenye masizi, na mtu wa kurudi saa mbili kuuliza kama chumvi imezidi. Aliwaza mikono yake ikimenya vitunguu, ilhali inajua kuinua kioo chembamba kuliko ukucha bila kukivunja. Meza ile ilikuwa mahali pekee ulimwenguni ambapo watu walimngojea yeye, wakanyamaza wakati anafanya kazi.

Siku ya sitini soko zima lilijua. Hata wauza viatu walikuja, ambao hawana simu ya OLED wala jamaa mwenye simu ya OLED.

Mtihani wa shali ni rahisi. Sokoni kwao, anayenunua simu iliyotumika haamini macho ya mchana. Kioo chenye kivuli kikiwekwa picha ya maua mekundu na mwanga mkali, kinapendeza kama kipya. Wauzaji wengi wamesomesha watoto kwa maua hayo. Kwa hiyo mnunuzi hufungua picha tupu ya kijivu, hushusha mwanga, hujifunika shali kichwani pamoja na simu, na humo gizani kivuli hakina pa kujificha. Haji Motaleb aliketi kwenye kiti katikati ya duka, akafunikwa shali kubwa la kahawia, akawa kama mzigo unaosubiri gari.

"Nyekundu ya kwanza," alisema kutoka ndani.

Simu ikapitishwa chini ya shali. Haji akashusha mwanga.

"Naona ramani."

Watu wakaguna.

"Naona duara. Naona kitufe. Naona... tarakimu. Thelathini. Subhanallah, naona risasi thelathini."

"Ni kidogo sana, Haji Saheb," Rashedul alisema. "Dawa inahitaji muda. Ingekuwa mbaya zaidi."

"Ngoja. Kuna kitu kingine hapa chini." Shali likatikisika. "Hiki nini? Kama... ndege?"

Watu wakasogea karibu.

"Ndege," Haji alisema. "Ana mdomo. Ana mkia. Rashedul, mwanangu, hapa kuna kasuku."

Akatoka ndani ya shali, nywele zake chache zimesimama, akampa muuza viatu ajionee. Muuza viatu akaingia, akatoka, akasema ni kasuku, na kwamba amekaa vizuri. Ya pili ilikuwa na kasuku. Ya tatu ilikuwa na kasuku. Ya tano watu hawakuuliza tena, walihesabu kwa sauti kila shali lilipoinuka, "Kasuku! Kasuku!" na mtoto wa mtu fulani nje akaanza kuimba. Wale wachezaji wa upande wa nyekundu walitaka kujua kama ndege huyo wanaweza kumpiga risasi, maana risasi thelathini zipo.

Lutfar alisimama kando ya kibao chake, uso umebadilika rangi kama video.

"Kijani," Haji alisema akarudi gizani.

Ya kwanza: "Sioni kitu." Ya pili, hakuona kitu. Ya tatu akaomba miwani yake, akaiweka, akasema bado haoni kitu. Ya nne vilevile. Ya tano ilichukua muda.

"Hapa kuna kijivuli," alisema. "Chembamba sana. Upande wa kulia. Kama kitufe."

Rashedul aliruka. "Kivuli! Mmesikia? Na chake kina kivuli!"

Tanzila akainua mkono kama yuko darasani. Aliona haya. "Ni mimi, Khala. Wiki mbili za mwisho, mazoezi ya mashindano. Nilikirudisha cheupe. Kidole kilikuwa kinakosea, nikataka kukiona."

Feroza alimtazama, kisha akamtazama Rashedul.

"Kivuli kipo," alisema. "Sikusema nitakiondoa. Mimi nilipunguza. Kikishaingia hakitoki, unabadilisha kioo au unaishi nacho. Aliyeahidi kukiondoa ndiye aliyeongeza ndege."

Haji Motaleb alikunja shali, akalikung'uta, akasema kwamba jambo liko wazi, meza ni ya Feroza, na kwamba kwa miaka yake yote sokoni hajawahi kufurahi hivi tangu hija.

Lutfar hapo akapata sauti. Ilikuwa sauti tamu, sauti ambayo Feroza hakuisikia tangu enzi za redio.

"Mnaona?" aliwaambia watu, mkono kifuani. "Nani alimfundisha? Mimi ndiye niliyemfundisha huyu. Mama Rubina, yamekwisha. Rudi mezani kwako. Tutanunua hata kiti chenye mto."

Ili kusema kweli, kiti chenye mto Feroza alikiomba miaka kumi na miwili iliyopita. Feroza alianza kuchomoa nyaya.

"Unafanya nini?"

"Nachukua meza, Baba Rubina. Ulikubali mbele ya Haji Saheb."

"Nilidhani unatania! Nani atafanya kazi humu?"

Feroza akanyoosha bisibisi kuelekea kwenye fremu ya dhahabu. Wachezaji watano wa kijani wakashika miguu ya meza, Tanzila akabeba hadubini kifuani kama mtoto mchanga, na msafara ukatoka mlangoni. Mlango ulikuwa mwembamba. Ikabidi meza iinamishwe, na pembe yake ikakwaruza mlango wa Lutfar Telecom kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyeomba radhi.

Haji alimpa nafasi chini ya ngazi za soko, karibu na muuza makava mwingine, penye giza zuri. Hapakuwa na kibao. Kufikia juma la pili watu walisema tu, "Peleka kwa Feroza, chini ya ngazi," na walifika bila kupotea. Timu ya Tanzila ilitoka ya tatu mkoani na kuwalaumu waamuzi. Wenye kumbi nyingine walikuja na simu zao kuuliza habari za pazia na nusu ya bisi. Rashedul alirudi Jashore, na cheti. Msumari wake ulibaki ukutani.

Mwezi wa pili, asubuhi ya foleni, alikuja mtu na mfuko wenye simu tano, karatasi nyekundu nyuma. Alisimama kwenye foleni kwa sababu Tanzila, aliyekuwa anamsaidia Feroza kuandika vikaratasi siku asipokuwa na darasa, alimwambia foleni inaanzia kule. Zamu yake ilipofika Feroza alizitazama simu moja moja chini ya shali. Hakuhitaji. Alitaka tu.

"Zote vioo vipya," alisema. "Ziache. Foleni ni ndefu."

"Mama Rubina..."

Feroza alichukua utepe wa karatasi ambao hubandikwa kwenye simu ya mteja, wenye nafasi ya jina, akampa Tanzila.

"Jina la mteja, Khala?" Tanzila aliuliza, kalamu tayari. Alikuwa na utundu wake, yule binti.

Watu wa foleni walisikiliza. Mwenye mfuko alitazama chini. Feroza alisafisha lenzi ya hadubini kwa ncha ya mtandio, bila haraka, akaishusha machoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja akalitamka, kwa sauti ileile aliyotumia kwa wateja wengine wote.

"Andika Lutfar," alisema. "Anayefuata."